Maumivu ya kinena unapotembea: msuli umevutika au nyonga imesagika?

Mtu akiteleza kwenye njia ya tope kule Kibosho au Uru wakati wa masika, akainuka na kuendelea na safari yake, kisha kesho yake kinena kikaanza kuuma kila anapopiga hatua, jibu huwa limeshapatikana kabla hajafika hospitali: msuli umevutika. Jirani atasema hivyo, muuza duka la dawa atasema hivyo, na mkandaji ataanza kukanda ndani ya paja. Kwa kijana, mara nyingi wako sahihi. Kwa mtu aliyevuka miaka 50 mambo ni tofauti. Kuteleza kule kunaweza kuwa ndiyo siku nyonga iliyokuwa ikisagika taratibu kwa miaka kadhaa ilipoamua kuuma waziwazi, na miezi inapita mtu akikandwa msuli ambao haukuwa na tatizo lolote la msingi.

Kuna kipimo kimoja rahisi kinachotenganisha hali hizi mbili vizuri kuliko historia ya ajali, na kinaweza kufanyika ukingoni mwa kitanda. Nitakifikia. Kwanza tuweke sawa mahali penyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupotea.

Kiungo cha nyonga kimejificha ndani sana. Kipo nyuma ya ule mkunjo unaotenganisha tumbo na paja, karibu katikati yake, chini ya misuli na mishipa mikubwa. Kwa hiyo kikiuma, huuma mbele, kwenye kinena, na maumivu huweza kushuka mbele ya paja au kuingia takoni. Ile nundu ya mfupa unayoigusa ubavuni mwa paja si kiungo chenyewe. Mtu anayeumia pale ubavuni, hasa akilalia upande huo usiku, mara nyingi ana tatizo la kano za misuli ya tako, na hilo si somo la leo. Maumivu yanayotokea kiunoni, yakapita takoni na kushuka hadi chini ya goti na ganzi juu yake, hayo yachunguzwe mgongoni.

Goti nalo linadanganya. Neva moja inayopeleka hisia kwenye kiungo cha nyonga hupeleka pia kwenye goti na huendesha misuli ya ndani ya paja. Ubongo hupokea taarifa ukakosea anwani. Wapo watu wenye nyonga iliyosagika ambao hulalamikia goti peke yake, wakapigwa picha ya goti, wakachomwa sindano ya goti, na goti lenyewe ni zima. Goti likiuma lakini ukilikunja na kulinyoosha halina shida, halijavimba na haliumi likibonyezwa, pima nyonga ya upande ule ule.

Sasa kanuni inayobeba kila kitu kinachofuata. Msuli uliovutika huuma unapofanya kazi au unaponyooshwa. Kiungo kilichosagika huuma kinapozungushwa, hata kama anayekizungusha ni mtu mwingine na wewe umelegeza mguu wote. Ukitaka kujua kipi kinauma, tafuta mwendo unaokizungusha kiungo bila kuushughulisha msuli, kisha tafuta mwendo unaoushughulisha msuli bila kukizungusha kiungo. Halafu linganisha.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58, muuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi. Anakaa kwenye mteremko, kila alfajiri anateremka kwa miguu hadi barabarani kupanda gari. Miezi minne iliyopita aliteleza akiwa na mkungu kichwani, mguu wa kulia ukamtoka kwa pembeni. Hakuanguka vibaya, lakini tangu siku hiyo kinena cha kulia kinamuuma akitembea. Amekandwa, amechuliwa dawa, amemeza diklofenaki. Kila akikandwa anapata nafuu siku mbili, kisha hali inarudi pale pale. Amefika kwa mtaalamu wa fiziotherapia akiwa na uhakika kwamba ule msuli haujapona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na mguu. Hebu niambie, kabla hujateleza, kucha za mguu wa kulia ulikuwa unakata mwenyewe?"

"Hizo ananikatia mjukuu. Tangu mwaka juzi sizifikii. Uzee tu, mwanangu."

"Na za kushoto?"

"Za kushoto nakata mwenyewe."

Jibu hilo lina uzito kuliko habari nzima ya kuteleza. Kama ingekuwa umri au unene peke yake, miguu yote miwili ingekataa kwa kiasi kilekile. Mguu mmoja uliokataa tangu mwaka juzi, kabla ya ajali, unaonyesha kwamba nyonga ile ilikuwa imeshaanza kufunga. Maswali mengine ya aina hiyo ni kama mtu anapata shida kuvaa soksi au kufunga kamba za kiatu upande mmoja, kama anauinua mguu kwa mkono anapoingia kwenye gari au kupanda bodaboda, kama choo cha kuchuchumaa kimekuwa kigumu, kama kukaa kwenye kigoda cha jikoni kunamfanya anyooshe mguu mmoja mbele. Shughuli hizi zote zinadai nyonga ikunjwe sana na kuzungushwa kwa pamoja, na huo ndio uwezo wa kwanza kupotea.

Mpangilio wa maumivu katika siku nao unasema kitu. Nyonga iliyosagika huwa ngumu asubuhi kwa dakika kumi, ishirini, mara chache zaidi ya nusu saa, kisha inalegea. Mama huyu akishuka kwenye daladala baada ya kukaa muda, hatua tano au sita za kwanza ni za maumivu makali, halafu anakwenda vizuri, halafu akishatembea umbali mrefu maumivu yanarudi. Msuli uliovutika hauna tabia hiyo ya kukaza ukiwa umetulia na kulegea ukianza kazi kwa muda mrefu namna hiyo. Msuli hulalamika unapopanua hatua, unapogeuka ghafla, unapoteremka mlima kwa kasi. Na jambo kubwa zaidi: msuli hupona. Wiki ya tatu lazima iwe afadhali kuliko ya kwanza. Maumivu ya kinena yaliyokaa miezi minne yakipanda na kushuka bila kupona, kwa mtu wa miaka 58, yanahitaji maelezo mengine zaidi ya msuli.

Sasa kipimo chenyewe. Mgonjwa akae ukingoni mwa meza au kitanda kirefu, magoti yamekunjwa, miguu inaning'inia bila kugusa sakafu, makalio yote mawili yamekaa sawasawa. Anayepima ashike goti lisisogee, kisha apeleke unyayo nje, mbali na mguu mwingine. Hapo unyayo unakwenda nje, lakini paja lenyewe linazunguka kwa ndani ndani ya kikombe cha nyonga. Usichanganywe na hilo. Peleka taratibu mpaka unapohisi pamegota, au mpaka mgonjwa aseme panauma, kisha fanya upande wa pili na ulinganishe.

Kwa mtu mzima mwenye nyonga nzima unyayo hufika nje kama nyuzi 30 hadi 40. Mstari wa hatari ni nyuzi 15. Ukitaka kuukadiria bila kifaa, fikiria uso wa saa ya ukutani: kutoka saa moja hadi inayofuata ni nyuzi 30, kwa hiyo nyuzi 15 ni nusu ya nafasi hiyo. Ni kidogo sana, na nyonga inayogota hapo huonekana kwa macho ukiwa na upande mzima wa kulinganisha.

Kosa linaloharibu kipimo hiki ni tako kunyanyuka. Nyonga iliyofunga ikisukumwa, mwili huazima mwendo kutoka kiunoni: mtu huinua tako la upande ule bila kujua, na unyayo unaonekana umekwenda mbali. Mwambie akalie viganja vyake. Tako likianza kuachia kiganja, simama hapo hapo, huo ndio mwisho wa nyonga. Kosa la pili ni kusukuma goti badala ya kulishika, kiasi kwamba paja lote linasogea pembeni.

Kwa mama wetu, kushoto unyayo ulikwenda nyuzi 35 bila neno. Kulia uligota kwenye nyuzi 8, na pale mwisho alishika kinena na kusema, "Hapo hapo, ndiyo yenyewe." Kauli hiyo ya "ndiyo yenyewe" ni muhimu. Kuvuta tu au kubana kidogo hakutoshi. Tunatafuta maumivu yaleyale yanayomleta.

Kisha alilazwa chali na goti likasukumwa kuelekea kifuani. Kushoto paja lilikunjika nyuzi 120, kulia liligoma kwenye 100 hivi. Mwaka 1991 chuo cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya viungo kilitoa vigezo vya kutambua nyonga iliyosagika, na kimojawapo kinatumia mikono tu: mtu mwenye maumivu ya nyonga, mzunguko wa ndani usiofika nyuzi 15, na kukunjika kusikozidi nyuzi 115. Mama anatimiza vyote. Vigezo hivyohivyo vina njia ya pili kwa wale ambao nyonga bado inazunguka nyuzi 15 au zaidi: kama kuzungusha huko kunauma, ugumu wa asubuhi hauzidi saa moja, na mtu amevuka miaka 50, bado nyonga ndiyo inayoshukiwa.

Kwa nini mzunguko wa ndani ndio unaotangulia kupotea? Kiungo kimefungwa ndani ya kifuko kigumu cha nyuzi zilizojisokota. Gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, inaposagika, kifuko huvimba na baadaye hukakamaa, na vijipembe vya mfupa huota kwenye ukingo wa kikombe na shingo ya fupapaja. Kuzungusha paja kwa ndani huku limekunjwa hukibana kifuko na kuigonganisha shingo ya mfupa na ukingo wa mbele wa kikombe. Kuligeuza paja nje hukipa kifuko nafasi. Ndiyo maana ukimtazama mtu wa namna hii akitembea, kidole gumba cha mguu unaouma huelekea nje kuliko cha mguu mzima, na mwili huegemea upande ule ule unaouma kila anapoukanyagia.

Hapa ndipo penye mtego ambao naamini unawachelewesha watu kuliko mwingine wowote. Misuli ya ndani ya paja hulinda kiungo kinachouma kwa kujikaza. Neva inayoiamuru misuli hiyo ni ileile inayobeba maumivu ya kiungo, kwa hiyo nyonga ikichokozwa, misuli hukaza, na ikikaza kwa miezi huuma ikibonyezwa. Mkandaji anagusa, mgonjwa anaruka, wote wawili wanaamini wamepata mahali penyewe. Kukanda kunalegeza msuli ule, maumivu yanapungua kweli, na baada ya siku mbili nyonga inaukaza upya. Nafuu ile si uongo; inaeleza tu kwamba msuli ulikuwa umekaza, haielezi kwa nini. Ukiona mtu anapata nafuu ya siku moja au mbili kila akikandwa, na mzunguko unajirudia miezi yote, pima mzunguko wa nyonga kabla ya kumkanda tena.

Kwa sababu hiyohiyo, kipimo cha kutanua mapaja hakisaidii kutofautisha. Mwenye msuli uliovutika ataumia ukitanua kwa kuwa msuli unanyooshwa, na mwenye nyonga iliyosagika ataumia pia kwa kuwa kiungo kimefunga upande huo. Nimewataja wote wawili kwa sababu kipimo hiki kinapendwa sana, na jibu lake ni "ndiyo" kwa kila mtu.

Sasa tumwangalie mtu ambaye kweli ni msuli. Mpagazi wa miaka 26 anateremka njia ya Mweka siku ya mwisho ya safari ya mlima, mvua imenyesha, amebeba mzigo, mguu wa kulia unamponyoka kwa pembeni. Anahisi kitu kimekatika ndani ya paja karibu kabisa na mfupa wa kinena. Anamaliza njia akichechemea. Siku ya tatu alama ya bluu imejitokeza ndani ya paja, chini ya mahali panapouma, kwa kuwa damu hushuka na uzito. Ukimkalisha ukingoni mwa kitanda na kupeleka unyayo nje, unakwenda nyuzi 35 kulia na 35 kushoto, haumi. Kiungo kinazunguka kizima.

Kisha mpe msuli kazi bila kuuzungusha mguu. Alale chali, miguu imenyooka, mtu aweke mikono yake kati ya vifundo vya miguu, naye abane kwa nguvu zote sekunde tano. Mwulize maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Wataalamu wa michezo hutumia hesabu hii hivi: sifuri hadi mbili ni salama kuendelea na kazi, tatu hadi tano ni kupunguza, sita na kuendelea ni kusimama. Mpagazi anasema saba, na anaonyesha kwa ncha ya kidole pale kano inaposhika mfupa. Ukibonyeza pale unapata maumivu yaleyale. Vitu vitatu vimekubaliana: kubana kunauma, kubonyeza kano pale kwenye mfupa kunauma, na kiungo kinazunguka bila shida. Bila hicho cha tatu, hivyo viwili vya kwanza havitoshi, maana mtu anayebana mapaja kwa nguvu anakibana na kiungo pia. Mama wetu naye alisema tatu kwenye kipimo hiki, ila alionyesha kwa kiganja kizima, ndani ndani, na kano pale kwenye mfupa haikumuuma.

Kama kubana hakuumi lakini kuinua goti dhidi ya mkono unaolizuia kunauma, na kupanda ngazi ni tabu, basi ni msuli mwingine, ule unaoinua paja, unaopita mbele ya nyonga. Kanuni haibadiliki: unauma ukipewa kazi, na kiungo kinazunguka.

Matibabu ya wawili hawa yanaachana mapema. Mpagazi apumzishe mguu siku mbili tatu za kwanza, atembee hatua fupi, asinyooshwe kwa nguvu na asikandwe kwa maji ya moto wala dawa kali ya kuchua mahali panapovuja damu. Baada ya hapo msuli unahitaji kazi, kuanzia kidogo. Aweke mpira au mto uliokunjwa kati ya magoti akiwa amelala, abane sekunde kumi, mara kumi, kwa nguvu isiyoleta maumivu ya zaidi ya mbili au tatu. Wiki inayofuata alale ubavu na kuinua mguu wa chini, baadaye avute mpira wa mazoezi kwa pembeni akiwa amesimama. Kuchanika kidogo hupona kwa wiki mbili au tatu, kwa kiasi cha kati wiki nne hadi nane, na kano iliyoachia mfupa huweza kuchukua miezi mitatu. Kwa maumivu yaliyokwisha kuwa sugu, utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha wanamichezo waliofanya mazoezi ya kuimarisha misuli hii kwa wiki 8 hadi 12 na wale waliokandwa, kunyooshwa na kutibiwa kwa mashine: 23 kati ya 29 waliomaliza mazoezi walirudi mchezoni bila maumivu, upande wa pili wakawa 4 kati ya 30. Kukanda peke yake hakujengi msuli. Arudi mlimani pale kubana kunapompa mbili au chini, na anapoweza kuteremka mteremko kwa kasi yake ya kawaida bila kuchechemea.

Mama hahitaji kupumzishwa. Anahitaji kupunguza mzigo unaopita kwenye kiungo na kuimarisha misuli inayokishikilia. Kila hatua, wakati mguu mmoja uko hewani, misuli ya tako la mguu uliokanyaga huvuta kwa nguvu ili kiuno kisianguke upande wa pili, na mvuto huo unaongezeka juu ya uzito wa mwili. Kiungo hubeba kama mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mtu. Kwa mama wa kilo 80 hiyo ni kilo 200 na zaidi kila hatua, na mkungu wa kilo 20 kichwani nao huongezeka kwa mtindo huohuo, hauingii kama kilo 20 tu.

Kwa hiyo fimbo ni dawa, ila ishikwe mkono wa pili. Nyonga ya kulia inauma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na itangulie pamoja na mguu wa kulia. Watu wengi huishika upande unaouma, na hapo faida karibu yote inapotea. Kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama na viatu vyake vya kawaida, mkono ukining'inia, na chini iwe na mpira ili isiteleze kwenye tope. Mzigo wa mkononi ni kinyume: ndoo au kikapu kibebwe upande uleule unaouma, kwa sababu kikibebwa upande wa pili misuli ya tako lazima ivute zaidi kukizuia kisiivute nyonga chini. Kama mkono mmoja tu uko huru, achague kati ya fimbo na ndoo; mteremko ukiwa mkali nachagua fimbo, ndoo ibebwe na mwingine.

Kigoda kibadilishwe na kiti kinachofika kimo cha goti au juu kidogo. Mazoezi ni machache: kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua makalio, kulala kwa ubavu wa upande usiouma na kuinua mguu wa juu, na kusimama kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, kila moja mara kumi kwa awamu tatu, siku tatu za wiki, kwa wiki 12 angalau. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo cha kuzidisha ni kesho yake: kama maumivu bado yako juu kuliko kawaida baada ya saa 24, punguza idadi.

Dawa ya kuchua haifiki kwenye kiungo kilichofukiwa namna hii, ingawa inaweza kutuliza misuli. Paracetamoli gramu moja, isiyozidi mara nne kwa siku, ni salama zaidi lakini nguvu yake hapa ni ndogo. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya kazi zaidi, na hapo ndipo mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu anapaswa kumweleza daktari kabla ya kununua. Ninachopinga waziwazi ni kumeza prednisoloni au deksamethasoni za dukani kwa wiki nyingi kwa sababu "zinaondoa maumivu upesi." Zinaweza kuua kichwa cha fupapaja kwa kukinyima damu, yaani kuharibu nyonga unayojaribu kuitibu.

Hilo linanileta kwa vijana. Mtu wa miaka 30 mwenye nyonga iliyofunga mzunguko hana sababu ya kusagika kwa umri. Ugonjwa huo wa kichwa cha fupapaja kukosa damu huwapata wenye seli mundu, wanywaji wakubwa wa pombe na waliotumia dawa hizo za steroidi, na mwanzoni picha ya eksirei huweza kuonekana safi kabisa. Kifua kikuu cha nyonga nacho kipo: maumivu, homa za jioni, kukonda. Mtoto au kijana wa balehe anayechechemea apelekwe hospitali siku hizo hizo. Vivyo hivyo bibi aliyeanguka na sasa anaumia kinena ukibingirisha tu mguu ulionyooka kitandani, hata kama aliweza kutembea hadi nyumbani. Shingo ya fupapaja inaweza kuwa imevunjika bila kuachana. Uvimbe kwenye kinena unaotokeza ukikohoa ni ngiri, na homa yenye nyonga isiyogusika ni dharura.

Picha inayofaa ni ya fupanyonga lote kutoka mbele, mgonjwa akiwa amesimama, ili nyonga zote mbili zionekane pamoja. Nafasi kati ya mifupa, ambayo ndiyo gegedu yenyewe, kwa kawaida ni milimita tatu hadi tano. Ikishuka hadi mbili, au pande mbili zikatofautiana wazi, kusagika kunathibitika. Lakini picha haipimi maumivu: wapo wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na msuli uliovutika hauonekani kwenye eksirei kabisa. Picha "safi" kwa mpagazi haimaanishi anajifanya.

Kama baada ya miezi mitatu hadi sita ya mazoezi ya kweli, fimbo na dawa, mama bado anaamshwa na maumivu usiku na hawezi kufika barabarani bila kusimama, ni wakati wa rufaa kwa daktari wa mifupa. Kwa kanda ya kaskazini hospitali ya rufaa ni KCMC hapa Moshi. Kubadilisha nyonga huondoa maumivu vizuri sana kwa waliofika hatua hiyo. Jambo la kuuliza mapema, kabla ya tarehe ya upasuaji, ni la choo. Kuchuchumaa kwa kina baada ya upasuaji kunaweza kuichomoa nyonga mpya, hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo choo cha kukalia, au kiti kilichotobolewa na kuwekwa juu ya choo cha shimo, kinatakiwa kiwe tayari nyumbani kabla hajaruhusiwa kutoka wodini.